Shema, mstari kwa mstari: kwa wageni wetu wa Ijumaa jioni

Karibuni. Tutakapofika kwenye Shema, ungamo letu Wayahudi la kumkiri Mungu mmoja, mtaona watu wamefunika macho kwa mkono wa kulia. Nyinyi si lazima mfanye hivyo. Kaeni tu mkisikiliza.

Shema Yisrael, Adonai Elohenu, Adonai ehad.
*Sikia, Israeli: Bwana ni Mungu wetu, Bwana ni mmoja.*
Ni Kumbukumbu la Torati 6:4. Tunaosema ndio tunaoambiwa: kila mmoja anamwita mwenzake asikie. Macho hufunikwa ili fikira zisitangetange. Neno la mwisho huvutwa. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi wa kale, inasimulia kwamba Rabi Akiva, Warumi walipokuwa wakimwua, alilivuta hilo “ehad” mpaka roho ikamtoka.

Baruh shem kevod malhuto leolam vaed.
*Libarikiwe jina la utukufu wa ufalme wake milele na milele.*
Mstari huu haumo katika Torati, ndiyo maana tunaunong'ona. Masimulizi yanasema Yakobo, ambaye ndiye Israeli, aliutamka akiwa kitandani pa mauti, baada ya wanawe kumhakikishia: “Sikia, Israeli, Mungu wetu ni mmoja.” Siku ya Yom Kipuri, yaani Siku ya Upatanisho, peke yake ndipo tunausema kwa sauti.

Mpende Bwana Mungu wako kwa moyo wako wote, kwa roho yako yote na kwa nguvu zako zote.
Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ulio msingi wa Talmudi, inafafanua: moyo wote, yaani pamoja na tamaa zako mbaya, roho yote, hata Mungu akiitwaa, nguvu zote, maana yake mali. Kwangu mimi hilo la mali ndilo gumu kuliko yote, maana kufa mtu hufa mara moja, bali kutoa ni kila siku.

Maneno haya yawe moyoni mwako. Wafundishe watoto wako. Yanene uketipo nyumbani, uendapo njiani, ulalapo na uamkapo.
Hapa ndipo tulipopata wajibu wa asubuhi na jioni. Wafuasi wa Shamai, mwalimu wa kale wa sheria, walishika maneno yenyewe: jioni ujilaze, asubuhi usimame. Wafuasi wa Hileli, mwalimu wa wakati wake, wakasema ni saa za kulala na kuamka tu, kila mtu asome alivyo. Tunawafuata wa Hileli.

Yafunge mkononi, yawe kati ya macho yako, yaandike kwenye miimo ya nyumba yako.
Hizo ni tefilini, visanduku vya ngozi vyenye maandiko, ambazo leo hamtaziona kwa kuwa huvaliwa asubuhi za siku za kazi, na mezuza, kijisanduku chenye maandiko haya, ile mliyoipita mlangoni.

Aya mbili zinazofuata tunazisoma kimyakimya: Kumbukumbu 11:13–21, inayofunganisha mvua na utii, na Hesabu 15:37–41, juu ya vishada vya nguo na kutoka Misri. Kiongozi akishasema “emet”, yaani kweli, fungueni ukurasa unaofuata.