Ratiba ya Mwanaidi, Kidato cha Nne: siku kwa siku

Shikamoo dada Zuhura.

Ile picha ya ubao wa matangazo uliyotumiwa na Mwanaidi nimeisoma kisanduku kwa kisanduku, na ratiba nzima iko hapa chini. Kila mstari ni tukio moja la kalenda. Vipindi viwili vya somo moja vinavyofuatana nimeviunganisha, usiingize kitu kimoja mara mbili.

Kabla hujanakili, tazama saa. Ubaoni wameandika saa yetu, "2:00" ikiwa ni saa mbili asubuhi. Ukiiandika hivyohivyo, simu itaielewa kuwa saa nane usiku. Kwa hiyo nimezigeuza zote ziwe za saa 24. Tena hizi ni saa za Tanga, na huko Maskati mko mbele saa moja. Kwenye kila tukio chagua saa za Dar es Salaam, kisha simu yenyewe itakuonyesha saa ya huko: Hisabati ya 08:00 utaiona 09:00. Usijumlishe saa moja kwa mkono halafu ukachagua na Dar es Salaam, itazidi.

JUMATATU
08:00–09:20 Hisabati
09:20–10:40 Kiswahili
10:40–11:10 Mapumziko
11:10–11:50 Jiografia
11:50–12:30 Uraia
12:30–13:50 Kiingereza

JUMANNE
08:00–09:20 Fizikia
09:20–10:40 Kiingereza
10:40–11:10 Mapumziko
11:10–12:30 Biolojia
12:30–13:10 Historia
13:10–13:50 Jiografia

JUMATANO
08:00–09:20 Kemia (maabara)
09:20–10:00 Hisabati
10:00–10:40 Uraia
10:40–11:10 Mapumziko
11:10–12:30 Kiswahili
12:30–13:50 Fizikia
14:30–16:00 Michezo

ALHAMISI
08:00–09:20 Biolojia (maabara)
09:20–10:40 Kiingereza
10:40–11:10 Mapumziko
11:10–11:50 Hisabati
11:50–12:30 Jiografia
12:30–13:50 Kemia

IJUMAA
08:00–09:20 Hisabati
09:20–10:40 Historia
10:40–11:10 Mapumziko
11:10–11:50 Uraia
11:50–12:30 Dini
12:30 Wanatoka, sala ya Ijumaa

Sehemu mbili za picha zilinisumbua, nakueleza nilivyozitatua ili usiwe na wasiwasi nazo.

Alhamisi saa 11:10 kisanduku kimeandikwa "HIS" tu, na hiyo yaweza kuwa Hisabati au Historia. Kwingine kote wameandika "HISA" na "HIST", hawachanganyi. Bahati nzuri chini ya ratiba kuna jedwali dogo la idadi ya vipindi kwa wiki: Hisabati 6, Historia 3. Nikahesabu vilivyo wazi. Historia tayari ina vitatu, Jumanne kimoja na Ijumaa viwili. Hisabati ilikuwa na vitano, inakosa kimoja. Basi cha Alhamisi ni Hisabati.

Jumatano saa 12:30 mwanga wa kamera umefuta maandishi kabisa. Kisanduku kinachofuata kinasomeka "FIZ", na jedwali linasema Fizikia ina vipindi 4, ilhali vilivyoonekana ni vitatu. Kilichofutika ni Fizikia. Masomo mengine yote hesabu zao zimetimia, na jumla ni vipindi 38 kama walivyoandika wao.

Kila tukio liweke lijirudie kila wiki, na mwisho wake uwe siku ya kufunga shule, la sivyo simu itakulilia likizo nzima. Mapumziko si lazima uyaingize. Nimeyaacha kwenye orodha ili usidhani kuna kipindi nilichokiruka. Kama kalenda yako huko inaanza wiki Jumapili, angalia usianze kubandika Jumatatu kwenye safu ya kwanza. Fungua siku yenyewe kwa jina lake ndipo ubandike.

Kwa habari ya kumpigia simu: siku za kawaida anafika nyumbani kwa shangazi kama saa tisa alasiri ya hapa, yaani saa kumi ya kwenu. Jumatano usimtafute kabla ya saa kumi na moja na nusu ya huko, yuko uwanjani. Ijumaa wewe huendi kazini naye anatoka mapema, mpigie baada ya sala, muongee bila haraka. Anauliza sana kuhusu mtihani wa Novemba na angependa kukusikia wewe kuliko mimi.

Mwambie pia aniletee picha nyingine wakibadilisha ratiba. Asimame sambamba na ubao, azime mwanga wa kamera, na lile jedwali la chini lisikatwe.

Mdogo wako,
Bakari