Leo Hiyohiyo

Simu ililia Somoe akiwa amepiga magoti, anapuliza kuni. "Ndugu mzazi, leo mtoto wako anatakiwa kupata chanjo ya surua-rubela. Njoo na kadi."

Leo! Miezi tisa imeshatimia? Na msimu wa korosho ndio huu. Mkwewe alishafunga kanga kiunoni, ndoo mkononi.

"Mama, kumbe kliniki ni leo."

"Nani kasema?"

"Simu."

"Hiyo simu ingesema jana." Bibi akaitua ndoo. "Nipe mume wangu nimwogeshe. Korosho hazina miguu."

Kadi ilikuwa chini ya godoro, ina doa la uji. Tarehe ya leo ilikuwapo muda wote, kwa kalamu ya nesi.

Nje, bodaboda ya kwenda Mikindani ilipiga honi.