YAH: OMBI LA KUONGEZA BAJETI YA KAMPENI YA MACHAME KUTOKA DOLA 20 HADI DOLA 35 KWA SIKU

Kutoka: Ofisa Masoko
Kwa: Mkurugenzi, Ofisi ya Barabara ya Boma, Moshi
Tarehe: 9 Februari 2026

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba kibali chako ili kampeni yetu ya Google inayotangaza safari ya siku 7 ya kupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame iongezewe dola 15 kwa siku, kuanzia tarehe 1 Machi hadi tarehe 31 Mei 2026. Ni siku 92, kwa hiyo nyongeza yote ni dola 1,380. Kampeni nyingine siziombei kitu, na sababu nitaieleza hapo chini.

Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 31 Januari, ambazo nazo ni siku 92, kampeni hii ilitumia dola 1,826. Fedha hiyo ilituletea mibofyo 830, sawa na dola 2.20 kwa kila mbofyo mmoja, na kutokana na mibofyo hiyo tulipokea maulizo 58 kupitia fomu na WhatsApp. Kila ulizo, kwa hiyo, lilitugharimu takriban dola 31.50. Kati ya waliouliza, makundi 7 yenye jumla ya watu 15 yamelipa malipo ya awali na kuthibitisha tarehe zao za kupanda.

Mauzo ya watu hao 15, kwa wastani wa dola 2,050 kwa kila mmoja, ni dola 30,750. Ukiigawa namba hiyo kwa gharama ya matangazo unapata karibu mara 17, nami najua inavutia, ila nakuomba usiitumie kuamua, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha hiyo si yetu: inakwenda kwenye ada za hifadhi, ujira wa waongozaji, wapishi na wapagazi, chakula, na usafiri wa kwenda na kurudi getini. Kwa hesabu niliyopewa na mhasibu, kinachobaki mkononi kwa kila mpandaji kabla ya gharama za matangazo ni wastani wa dola 390. Watu 15 wametubakishia dola 5,850, na tukitoa dola 1,826 za matangazo tunabaki na dola 4,024. Maana yake kila dola moja tuliyompa Google imerudi ikiwa dola 3.20. Hiyo ndiyo namba ninayoisimamia.

Swali la haki ni kwa nini fedha zaidi ilete wateja zaidi, badala ya kumezwa tu. Jibu linaonekana kwenye ripoti yenyewe: safu ya `Search lost IS (budget)` inasoma asilimia 44, yaani katika kila mara 100 ambazo tangazo letu lilistahili kuonekana, mara 44 halikuonekana kwa sababu tu bajeti ya siku ilikuwa imekwisha au inakaribia kwisha. Nilipochambua saa kwa saa, niliona kwamba siku nyingi fedha yetu inamalizika kwenye saa tisa alasiri kwa saa za hapa. Wakati huo New York ni saa moja asubuhi, Mmarekani ndiyo kwanza anaamka. Tarehe 3 Februari, saa kumi na mbili jioni, nilifungua kifaa cha Google cha kukagua matangazo, nikakiweka New York na kuandika `machame route 7 days price`. Yalitokea matangazo ya kampuni nyingine tatu, letu halikuwepo, na sababu iliyoandikwa ni bajeti. Ndiyo maana katika maulizo yale 58, yaliyotoka Ulaya ni 39 na yaliyotoka Marekani ni 9 tu.

Huenda ukaniuliza kwa nini tusihamishe tu saa za tangazo bila kuongeza hata senti. Hilo nililijaribu wiki ya tarehe 12 hadi 18 Januari, tangazo likaonekana kuanzia saa tisa alasiri hadi saa sita usiku pekee. Tulipata maulizo 5, manne yakitoka Marekani na moja Ulaya, ambako kwa kawaida hutujia kama matatu kwa wiki. Wiki moja ni kipimo kidogo, lakini ilionyesha kwamba wateja wa Marekani wapo, na kwamba kwa bajeti ya sasa tukiwafuata wao tunawaachia wengine wale wa Ulaya.

Katika makadirio ya nyongeza nimejizuia kudhani kwamba dola mpya zitafanya kazi sawasawa na za zamani, kwa sababu mibofyo ya Marekani ni ghali zaidi. Nimeweka dola 2.75 kwa mbofyo, ambayo inatupa mibofyo kama 500. Maulizo asilimia 6 badala ya 7, yaani 30. Na uthibitisho asilimia 10 badala ya 12, yaani makundi 3 ya watu wawili wawili. Watu 6 wanabakisha dola 2,340, na tukitoa dola 1,380 faida ya nyongeza ni dola 960. Makundi yakiwa mawili, faida inashuka hadi dola 180. Likija kundi moja tu, tutapoteza dola 600. Ili fedha hii irudi, tunahitaji watu wanne.

Miezi hiyo ni ya masika na mlimani kutakuwa na watu wachache, lakini tangazo la Machi halimtafuti mpandaji wa Machi. Kati ya makundi 7 niliyoyataja, matano yatapanda kati ya Juni na Septemba. Kasoro iliyopo ni kwamba faida tunaikamata baada ya safari, wakati Google anatoza kadi sasa.

Kampeni ya safari za Serengeti ilitumia dola 1,380 katika kipindi hicho hicho na kuleta watu 4 waliobakisha dola 1,360, yaani imepungukiwa na dola 20. Siombi iongezewe. Endapo fedha taslimu ni finyu, niko tayari dola 5 kati ya hizo 15 zitoke huko.

Kila Jumatatu nitakuletea gharama ya kila ulizo kwa kampeni nzima. Ninatarajia iwe karibu dola 37. Ikivuka dola 42 kwa wiki mbili mfululizo nitairudisha bajeti kwenye dola 20 siku hiyo hiyo bila kusubiri Mei, kwa kuwa kwenye kiwango hicho nyongeza haibakishi kitu. Google anaweza siku moja kutumia hadi mara mbili ya bajeti ya siku, hivyo usishtuke ukiona dola 70 kwenye ripoti. Kwa mwezi hatavuka mara 30.4 ya kiwango tulichoweka, yaani dola 1,064.

Nina ombi moja dogo linaloambatana na hili. Usiku wa tarehe 14 Januari liliingia ulizo la watu wanne, nami nikalijibu kesho yake mchana. Walikuwa wameshalipa kwingine. Tukiongeza maulizo ya Marekani, mengi yataingia usiku. Naomba simu ya ofisi ikae kwa zamu kati yangu na mwenzangu wa mapokezi hadi saa tano usiku, na nimekwisha kuzungumza naye, amekubali.

Nikipata jibu lako kabla ya tarehe 23 Februari, nitakuwa na muda wa kutosha kuandaa tangazo la Marekani lenye bei iliyo wazi.

Wako katika kazi,

Upendo Elia
Ofisa Masoko

Nakala: Mhasibu