Ratiba ya machapisho, Julai 2026: duka la kanga, Kariakoo

Siku zetu: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa 1 jioni. Instagram kwanza, kisha WhatsApp status.

Tarehe 2–4: Mzigo mpya. Alhamisi picha za doti, bei iandikwe waziwazi. Wateja wamechoka kuambiwa "njoo inbox". Jumamosi video ya kufungua robota.

Tarehe 7–11: Sabasaba. Jumanne ni sikukuu, tuchapishe saa 4 asubuhi. Alhamisi na Jumamosi: mitindo ya kujifunga.

Tarehe 14–18: Ijue kanga yako. Wiki hii ndiyo roho ya ratiba, tusiiharakishe. Jumanne pindo, Alhamisi mji, Jumamosi jina. Kamera isogee karibu mpaka maandishi yasomeke, kisha tuulize: "Hii ungempa nani?" Kila atakayejibu ajibiwe siku hiyohiyo.

Tarehe 21–25: Wateja. Picha zao, kwa ruhusa yao tu. Jumamosi, sare za harusi.

Tarehe 28 na 30: Utunzaji. Kufua kanga mpya peke yake, kuanika kivulini. Alhamisi tutangaze oda za Agosti.