Maoni ya insha yako, nimeyaandika upya

Achieng,

Jumatatu ulikuja ofisini na insha yako mkononi, ukaniuliza, "Daktari, umeandika 'Fafanua' mara nne. Nifafanue nini?" Nilikuwa na darasa, nikakuambia usome tena. Jioni, tukiwa tumekwama kwenye msongamano pale Pangani, nilifungua nakala yako nikasoma maoni yangu kama vile yameandikwa na mtu mwingine. Kweli hayasemi lolote. Nilisahihisha insha 64 kwa siku mbili, na yako ilikuwa ya sitini na kitu. Hiyo ni sababu yangu, si kosa lako.

Hapa chini nimenakili kila nilichoandika kwa wino mwekundu, kisha nikaeleza nilichotaka kusema. Swali, ukumbuke, lilikuwa hili: "Jadili jinsi sera ya lugha nchini Kenya ilivyoathiri hadhi ya Kiswahili tangu uhuru."

Ukurasa wa 1: "Hoja iko wapi?"

Utangulizi wako unasema utaeleza historia ya Kiswahili, sera zake na changamoto zake. Hiyo ni orodha ya vitu. Nimeisoma insha yote na najua unachoamini, kwa sababu umekificha ukurasa wa 4, katikati ya aya, pale uliposema kwamba serikali "imekipa Kiswahili heshima mdomoni lakini kazi imeachiwa Kiingereza". Sentensi hiyo ndiyo hoja yako. Ipandishe hadi mwisho wa utangulizi, uiseme kwa utulivu zaidi, kisha futa aya ya kwanza yote inayoanza na "Tangu jadi na jadi, lugha imekuwa chombo muhimu cha mawasiliano". Kila mwaka naisoma sentensi hiyo kwenye nusu ya insha za darasa.

Ukurasa wa 2: "Si kweli."

Uliandika kwamba Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 1963. Umechanganya lugha ya taifa na lugha rasmi, na insha yako inasimama juu ya tofauti hiyo. Lugha rasmi ndiyo inayoandikiwa sheria, barua za serikali na hukumu. Lugha ya taifa ni ya utambulisho, inayotuunganisha, na inaweza kusifiwa miaka mingi bila kupewa kazi ofisini. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, ndiyo inayosema waziwazi kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Fungua katiba yenyewe, usinukuu maelezo ya mtu mwingine. Kisha pitia insha yote, tafuta kila mahali ulipoandika "rasmi", na ujiulize kama ulimaanisha "ya taifa". Nimehesabu mahali saba. Matano yanahitaji kubadilishwa, na nimeyawekea nukta ya penseli.

Ukurasa wa 2, chini: "Ominde!!"

Alama mbili za mshangao hazikukusaidia kitu. Nilikuwa na malalamiko mawili. Kwanza mwaka: Tume ya Ominde, iliyochunguza elimu baada ya uhuru, ilitoa ripoti yake ya kwanza mwaka 1964. Wewe uliandika 1974, nadhani kwa sababu aya inayofuata inahusu bunge mwaka huo. Pili, haikupiga Kiswahili marufuku. Ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na Kiswahili kifundishwe kama somo. Ona jinsi ukweli huu unavyoisaidia hoja yako kuliko ule uwongo. Lugha iliyopigwa marufuku ina maadui wanaojulikana. Lugha iliyofanywa somo, huku hesabu na sayansi zikifundishwa kwa nyingine, inashushwa hadhi bila mtu kuitukana. Andika hilo, kwa maneno yako.

Ukurasa wa 3: "Na kwa hivyo?"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu aya hii ikikaa sawa, nyingine zitafuata.

Ulisimulia kwamba mwaka 1974 Rais Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumiwe katika mijadala ya bunge, na kwamba wabunge wengine walitatizika. Ukaishia hapo, ukarukia mfumo wa elimu wa 8-4-4. Msomaji anabaki na kisa. Nilipoandika "Na kwa hivyo?" nilikuwa nakuuliza: tukio hili linathibitisha nini kuhusu hadhi ya Kiswahili?

Kuna jambo ambalo umelitaja katika nusu sentensi, eti "ingawa miswada iliendelea kuwa kwa Kiingereza", kana kwamba ni jambo dogo. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mbunge alisimama akazungumza Kiswahili kuhusu karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Alichosema kikawa mjadala, na kilichokuwa kwenye karatasi kikawa sheria. Je, hapo Kiswahili kilipanda hadhi au kilionyeshwa tu jukwaani? Unaweza kutetea upande wowote. Mtu anaweza kusema kwamba kusikika bungeni kulikifungulia Kiswahili mlango ambao haukufungwa tena kabisa, hata baada ya Kiingereza kuruhusiwa upya kwenye mijadala. Siwezi kukupa alama kwa kutochagua.

Kwa hiyo andika upya aya hii hivi: sentensi ya kwanza iseme unachodai, si kilichotokea. Ya pili na ya tatu zieleze tukio, kwa ufupi. Kisha sentensi tatu au nne kuhusu ile karatasi ya Kiingereza. Sentensi ya mwisho irudi kwenye hoja yako ya utangulizi na kusema imeongezewa nini. Ukimaliza, fanya vivyo hivyo kwa aya ya 8-4-4, ambapo pia niliandika "Fafanua". Una ukweli wote: Tume ya Mackay ya 1981, mfumo ulioanza 1985, Kiswahili kuwa somo la lazima linalotahiniwa. Ila hukusema kwamba mtihani uliwalazimisha wazazi kukichukulia Kiswahili kwa uzito ambao hotuba hazikuwahi kuuleta. Au kama huamini hivyo, sema kwa nini.

Ukurasa wa 4: "Chanzo?"

Nililiandika neno hili pembeni mwa aya nzima, ukadhani kila sentensi inataka chanzo. La. Mwaka wa katiba hauhitaji. Ni sentensi mbili tu. Moja ni "Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba Wakenya hawakipendi Kiswahili." Wataalamu gani? Ukipata mmoja kwenye orodha ya usomaji tuliyowapa, mtaje yeye na ukurasa. Usipompata, futa sentensi, insha haitapungukiwa. Nyingine ni ile inayodai kwamba mahakama hazitumii Kiswahili kabisa. Nenda siku moja Milimani ukae nyuma ya chumba cha mahakama ya hakimu, usikilize mashtaka yakisomwa na mshtakiwa akijibu. Utarudi umefuta "kabisa". Ukitofautisha lugha inayosemwa kortini na ile ambayo hukumu inaandikwa, utakuwa umepata mfano mwingine wa jambo lile lile la bunge.

Ukurasa wa 5: "Porojo."

Kwa neno hili naomba radhi. Aya ya Sheng ndiyo pekee ambamo nilisikia mtu akiandika kwa masikio yake, ukiwa kwenye matatu ya Kayole, utingo akiita abiria. Kilichonikera ni hitimisho lako kwamba Sheng "imeharibu Kiswahili", bila ushahidi mwingine ila orodha ya maneno: mathree, keja, doo. Orodha ya maneno mapya haionyeshi uharibifu. Kila lugha hukopa na hubuni.

Chukua mfano wako mwenyewe, "Wasee wamekam." Mzizi -kam umetoka Kiingereza, sawa. Lakini tazama wa- ya wingi kwenye nomino, wa- ya upatanisho kwenye kitenzi, na -me- ya wakati timilifu. Mifupa yote ni ya Kiswahili. Kijana wa Kayole anayesema hivyo amekula sarufi ya Kiswahili bila kufundishwa na yeyote. Basi swali linalofaa insha yako ni hili: kwa nini sera zilizozungumzia shule, bunge na mahakama hazikuwahi kumfikiria kijana huyu, na bado yeye ndiye anayeitumia mifupa hiyo kutwa kucha? Ibakishe aya, ibakishe matatu, ondoa "imeharibu", weka uchanganuzi wa sentensi moja kama nilivyofanya (tumia mfano wako mwingine, huu ni wangu sasa), halafu uiunganishe na sera. Usipoweza kuiunganisha, iondoe.

"Sarufi!" kila mahali

Ni makosa matatu tu yanayojirudia, kwa hiyo usitishike na wingi wa wino. Unaandika "Kiswahili inafundishwa". Ni "kinafundishwa", ngeli ya KI-VI. Unaandika "wabunge ambayo", ni "ambao". Na unaandika "hawakuweza ongea". Ni "hawakuweza kuongea". Yote matatu tunayasema Nairobi kila siku, hata mimi nikiwa sokoni, ila mtahini hayupo sokoni. Soma insha kwa sauti ukitafuta haya matatu pekee, raundi moja kwa kila kosa.

Hitimisho: "Inarudia." Lifupishe liwe sentensi nne. Usianze na "Kwa kuhitimisha".

Kuna sehemu ambazo sikuziandikia kitu nawe ukadhani sikuzisoma. Aya ya pili ukurasa wa 3, kuhusu mwalimu wako wa msingi aliyewavisha kibao shingoni mkizungumza lugha ya nyumbani, ni nzuri, usiiguse, ila uihamishe iwe mara tu baada ya Ominde. Na umepanga miaka vizuri, si kazi ndogo.

Insha hii ina alama 15 kati ya 30 za kazi ya muhula, nami nilikupa 7. Ukiwa na muda wa usiku mmoja tu, rekebisha "rasmi" na "ya taifa", kisha aya ya bunge, kisha Ominde. Hayo yakikaa sawa, sioni kwa nini isifike 10. Aya ya Sheng ikisimama, zaidi. Urefu ubaki maneno 2,000, kwa hiyo ukiongeza mahali, kata pengine. Nimekwishakuonyesha pa kukata.

Nitaipokea hadi Ijumaa saa kumi jioni, pamoja na nakala ya kwanza, ili nione ulichobadilisha. Jumatano saa nane hadi saa tisa nipo ofisini. Mlango ukiwa umefungwa, gonga tu. Huwa naufunga kwa sababu ya kelele za jenereta.