Barua zenu za uthibitisho zinaingia Spam: dawa yake iko humu

Dada Rukia, habari za kazi.

Jumanne nilijiandikisha kwenye kozi yenu ya uhasibu ya jioni. Usishtuke, sijaacha kazi yangu. Nilitaka tu kupita njia ileile anayopita mwanafunzi, tangu kujaza fomu mpaka kupata jibu. (Jina langu bado limo kwenye orodha. Naomba mlifute lisije likamzibia mtu nafasi.)

Fomu ilipokelewa, tovuti ikaniambia nikaangalie barua pepe. Nikaangalia, kimya. Robo saa baadaye nikafungua Spam, nikaikuta imelala humo. Nikarudia kwa anwani nyingine mbili za kwangu: moja yaleyale, na nyingine barua haijaonekana popote mpaka leo.

Nakuandikia kwa sababu hiyo, maana jambo lenyewe linabadilisha lile pendekezo nililokutumia wiki tatu zilizopita. Tulipoongea kwa simu uliniambia watu wengi wanajiandikisha halafu wananyamaza. Nikalichukua neno hilo kama lilivyo, nikapanga kazi nzima ya meseji za kuwakumbusha, bila kuuliza kama barua ya kwanza inawafikia. Hapo nilikosea, ningeanza na jaribio hili la Jumanne. Huenda baadhi yao hawajanyamaza hata kidogo, wanawasubiri nyinyi kama mnavyowasubiri wao.

Tatizo nimeliona. Ukiifungua ile barua kwenye Gmail na kuchagua Show original, kuna mstari unaosema `spf=permerror`. SPF ni tangazo dogo linalokaa kwenye DNS, yaani kumbukumbu za mtandaoni za domeini yenu, la kuwaambia wapokeaji ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma barua kwa jina lenu. Sheria yake ni kwamba domeini iwe na tangazo moja tu. Nyinyi mnayo mawili:

```
v=spf1 a mx ~all
v=spf1 include:_spf.google.com ~all
```

Nadhani la kwanza liliwekwa tovuti ilipofunguliwa, na la pili mlipohamishia barua za ofisi kwa Google. Kila moja peke yake ni sahihi. Yakiwa pamoja, mpokeaji hachagui lililo bora, anayakataa yote mawili na kuhesabu kuwa kuna hitilafu. Na kwa kuwa barua za fomu zinatoka kwenye seva ya tovuti bila DKIM, yaani saini ya kidijitali inayothibitisha kuwa barua imetoka kwenu, hazibaki na kitambulisho chochote. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila anayetuma barua kwenye akaunti zake awe na angalau kimojawapo, SPF au DKIM.

Fundi wenu wa tovuti afute mistari yote miwili, aweke huu mmoja:

```
v=spf1 a mx include:_spf.google.com ~all
```

Afute kwanza, ndipo aweke. Akiuongeza huu juu ya ile mingine yatakuwa matatu, na tutarudi palepale. Kama kuna huduma nyingine inayotuma barua kwa jina lenu, kwa mfano ya jarida la kila mwezi, nayo iingizwe kwenye mstari huohuo. Nafasi ipo: SPF inaruhusu hadi rejea 10 za DNS, na huu hauzifikii. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, ingawa mabadiliko yanaweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kuonekana kila mahali. Akimaliza, ajiandikishe kwa anwani ya Gmail na kutazama Show original. Inatakiwa isome `spf=pass`.

Hiyo itaondoa hitilafu, lakini siwezi kukuahidi kwamba kila barua itaingia moja kwa moja kwenye kikasha. Gmail inaangalia na mengine, ikiwemo watu wanavyozipokea barua zenu. Ndiyo maana ningependa DKIM ifuate baadaye. SPF lakini isingoje, muhula mpya unafungua uandikishaji karibuni.

Kuna na dogo la pili. Barua yenyewe, hata ikifika, haimwambii mtu afanye nini. Kichwa chake ni `Form submission` na ndani imeandikwa: "Ombi lako limepokelewa na litashughulikiwa kwa mujibu wa taratibu." Mimi nilipoisoma nilidhani zamu ni yenu, kumbe mnanisubiri mimi nithibitishe! Nimeiandika upya, mkiipenda ichukueni hivi ilivyo:

"Kichwa: Thibitisha nafasi yako, kozi ya uhasibu ya jioni

Asante kwa kujiandikisha. Nafasi yako tumeishikilia kwa siku 5. Ili iwe yako, jibu barua hii kwa neno moja: NAKUJA. Ukishajibu tutakutumia ratiba na maelezo ya malipo. Kama umebadili mawazo, jibu SIJI, nasi tutampa mwingine. Una swali? Liandike hapahapa, litasomwa na mtu."

Hizo siku 5 nimezikisia, wekeni idadi inayowafaa. Muhimu zaidi ni anwani inayotuma: iwe ya ofisi ya uandikishaji, maana ile ya sasa ya `noreply` haina wa kuisoma, na jibu la NAKUJA litapotelea humo.

Sasa kuhusu pendekezo. Lilikuwa na sehemu tatu: fomu mpya, maandishi ya uthibitisho, na mfumo wa meseji. Maandishi ndiyo hayo hapo juu, sitayatoza. Meseji naziondoa kwa sasa. Ndizo zilizokuwa zinakula muda mwingi na fedha nyingi, na sioni haki ya kuwauzia ukumbusho wa barua ambayo mtu hakuipata. Rekebisheni SPF, pitisheni awamu moja ya uandikishaji, kisha mhesabu waliothibitisha. Idadi ikipanda vya kutosha, meseji hamzihitaji. Isipopanda, tutakaa tuongee tukiwa na takwimu zenu wenyewe mkononi.

Inayobaki ni fomu, na hiyo bado naitetea. Nimeijaza mara tatu kwa simu: ina visanduku 19, kikiwemo cha namba ya faksi, na ukikosea kimoja inafuta vyote. Mara ya pili nilitamani kuiacha, na mimi nilikuwa kazini. Kuipunguza ibaki na visanduku saba na kuzuia isifute alichokwisha kuandika mtu ni kazi ya wiki mbili, badala ya sita nilizoandika mwanzo. Gharama inashuka kwa kiwango hichohicho, na nikishajua mnaendelea nitakutumia hesabu mpya siku hiyohiyo.

Kama kazi mmeshampa mtu mwingine, au bajeti ya kipindi hiki imefungwa, niandikie tu "si sasa", sitakusumbua tena kwa hili. Huo mstari wa SPF na hiyo barua ni vyenu kwa vyovyote, na fundi akikwama anipigie bila kusita.

Ijumaa mchana nitajiandikisha tena kuona barua inaangukia wapi. Safari hii nitajaza jina "Jaribio Jaribio", msije mkanipangia kiti.

Wako,
Hamisi