Usaili wa msimamizi wa ghala la dawa: kinachonipa ari, na meneja ninayeelewana naye

Msaili: Ni kitu gani kinakupa ari ya kazi? Na meneja wa namna gani anakufaa?

Mwombaji: Asante, mama. Mshahara ni muhimu, sitajifanya hauhusiki. Ila kinachonifanya niwahi ghalani ni kutaka hesabu ya kwenye kompyuta ilingane na mzigo uliopo rafuni. Nikifika, kabla ya chai, nasoma kipimajoto cha jokofu la chanjo na kukiandika. Lazima kiwe kati ya nyuzi 2 na 8. Kikitoka hapo, siku nzima inabadilika.

Mwaka jana tulipohesabu mali, nilikuta sirapu za watoto zimepangwa kwa tarehe ya kupokelewa, kwa hiyo zilizokaribia kuisha muda zilikuwa nyuma kabisa. Niliomba ruhusa, tukazipanga upya: inayowahi kuisha muda ndiyo ikae mbele, hata kama imeingia jana. Robo iliyofuata, mzigo wa kuteketeza haukujaza hata boksi moja. Hakuna aliyenipigia makofi, na sikuyahitaji. Kazi ya namna hiyo, ambayo matokeo yake nayaona kwa macho, ndiyo inayonisukuma.

Kuhusu meneja, nafanya vizuri na anayesema mapema anataka nini na lini, kisha akaniachia njia ya kufika. Nikikosea, aniambie siku ileile, pembeni, na leja ikiwa mezani. Nimesimamiwa na watu wa aina mbili. Mmoja alitukusanya kila asubuhi, tukapitia kazi za siku tukiwa tumesimama. Kwake nilijifunza kupanga vipaumbele. Mwingine alikuwa safarini muda mwingi, na kwake nilijifunza kuandika ripoti ambayo mtu anaielewa bila kunipigia simu. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nachukua kikao kifupi cha asubuhi, halafu nafasi ya kutosha mchana.

Msaili: Huyo wa safarini, ina maana hakuwa anakufuatilia?

Mwombaji: Alinifuatilia kwa ripoti, mama. Alikuwa na vituo vingi, na nilichomwandikia alikisoma, maana maswali yake yalikuja na namba za kurasa. Mpaka leo nikihitaji mdhamini ndiye ninayemwandika.

Msaili: Sasa kwa nini unaondoka?

Mwombaji: Pale natunza ghala moja dogo peke yangu. Hapa kuna timu ya kuongoza na mzigo unaotoka kila siku, na hicho sijakifanya kwa ukubwa huu. Nami naomba kuuliza: katika miezi 3 ya kwanza, meneja wa kitengo angependa kuona nini kimebadilika?

Msaili: Tofauti ya hesabu kwenye dawa za jokofu. Inatusumbua.

Mwombaji: Basi ningeanza kwa kuhesabu jokofu lote upya, na yeye awepo, ili tukubaliane namba ya kuanzia.